Anza na besi

Ukitaka kupata kodi za "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, kwanza sikiliza besi peke yake. Ivumishe mdomoni mpaka uishike, ndipo uitafute noti hiyo kwenye uzi mnene wa gitaa. Pale wimbo unapotua na kutulia ndipo penye ufunguo. Tuseme umetua G: jaribu G, C na D, kwani wimbo huu hauhitaji zaidi ya kodi tatu.

Mtego ni huu: besi ikigusa B, usikimbilie B maina. Mara nyingi kodi ni G ile ile, besi imepanda tu. Zipige zote mbili juu ya rekodi. B maina ina F shapu, na mwimbaji akishikilia G utasikia zinakwaruzana.