Kosa 521: Seva Inapomfukuza Wakala Wake

Mteja anafungua tovuti ya duka la vitenge, na badala ya vitenge anakuta ukurasa mweupe wenye maneno `Error 521` na `Web server is down`. Chini yake kuna michoro mitatu: kivinjari chake, wingu la Cloudflare, na seva ya duka. Miwili ya kwanza ina alama ya kijani. Wa tatu una alama nyekundu. Mwenye duka akiuliza, fundi anamjibu kwamba seva inafanya kazi vizuri kabisa, na mara nyingi fundi huyo hasemi uongo.

Cloudflare ni wakala anayekaa kati ya msomaji na seva yenye tovuti. Kwa hiyo safari ni mbili: ya kwanza kutoka kivinjari hadi kwa wakala, ya pili kutoka kwa wakala hadi kwenye seva. Kosa 521 linahusu safari ya pili tu. Maana yake ni kwamba wakala alipiga hodi, na seva ikamjibu papo hapo kuwa haimpokei. Angepiga hodi bila kuitikiwa mpaka muda ukaisha, namba ingekuwa 522. Tofauti hiyo inasaidia sana katika kutafuta chanzo, kwa sababu anayekataa yupo macho: mashine inawaka na mtandao unafika. Kilichobaki ni kujua kwa nini imekataa.

Sababu moja ni kwamba programu ya tovuti, tuseme nginx, imezimika. Nyingine ni faiwoli. Wageni wote wanaopitia kwa wakala huonekana kwenye seva kama wanatoka kwenye anwani chache zilezile, na programu ya ulinzi inaweza kudhani ni shambulio ikazifungia. Dawa yake ni kuruhusu anwani za Cloudflare, ambazo kampuni yenyewe huzitangaza hadharani. Lakini sababu inayowachanganya wengi zaidi imo kwenye mipangilio ya SSL.

Duka letu lilianza na hali iitwayo `Flexible`. Hapo safari ya kwanza inafichwa kwa HTTPS, kufuli inaonekana kwenye kivinjari, na mteja anaridhika. Safari ya pili inakwenda wazi kwa HTTP, kupitia mlango namba 80. Nywila ya mteja inapita nusu ya njia bila kifuniko, na hakuna kitu kwenye kioo cha simu yake kinachomwambia. Kwa maoni yangu kufuli ya namna hiyo inadanganya.

Mwenye duka akasikia habari hiyo, akahamia `Full (strict)`. Dakika chache baadaye tovuti ikaleta 521. Kilichotokea ni kwamba wakala sasa anabisha mlango namba 443, wa HTTPS, na kwenye seva hakuna programu inayousikiliza. Fundi alikuwa akijaribu mlango namba 80, akaona kila kitu ni sawa. Amri hii ingemwonyesha ukweli:

```
sudo ss -tlnp
```

Orodha inayotokea inataja kila mlango unaosikilizwa. Ikiwa `:80` ipo na `:443` haipo, chanzo kimepatikana.

Fundi akaiwekea nginx cheti alichojitengenezea mwenyewe na kufungua mlango 443. Kosa 521 likatoweka, likaja 526. Huko ni kusonga mbele: sasa wakala anapokewa, ila hakikubali cheti. `Full (strict)` hudai cheti ambacho hakijaisha muda, chenye jina la tovuti husika, na kilichotolewa na mamlaka inayoaminika. Hali ya kati, `Full`, ingekipokea cheti kile, kwa sababu inaficha mawasiliano bila kuchunguza cheti ni cha nani. Mtu akijipenyeza katikati na cheti chake cha bandia, `Full` haitamtambua.

Hatimaye akaweka cheti cha bure kutoka Let's Encrypt, tovuti ikafunguka. Angeweza pia kutumia cheti cha Cloudflare cha upande wa seva, ambacho hudumu hadi miaka 15, lakini vivinjari havikiamini; siku wakala akiondolewa, wageni wataonywa.

Baadhi ya watu wakiona 521 hurudi `Flexible` ili tovuti ifunguke haraka. Itafunguka, isipokuwa kama seva imeshaagizwa kuwahamisha wageni wote kwenda HTTPS. Hapo wakala anakuja kwa HTTP, seva inamwambia aje kwa HTTPS, kivinjari kinaomba upya, wakala anakuja tena kwa HTTP, mpaka kivinjari kinakata tamaa na kuandika `ERR_TOO_MANY_REDIRECTS`.

Kama tovuti yako inapokea nywila na bado iko `Flexible`, ihamishe. Ila weka cheti na ufungue mlango 443 kwanza, ndipo uguse mipangilio ya Cloudflare.