Ugomvi wa Bei ndani ya Sekunde Hamsini

Vichekesho vingi vya sokoni vinavyorekodiwa kwa simu hufia kwenye salamu. Muuzaji anamjulia hali jirani, anauliza watoto, na bei haijatajwa bado. Kichekesho kisichofika dakika moja hakina nafasi hiyo. Bei ije mapema kabisa. Tuchukue soko la Temeke Stereo, Dar es Salaam. Wauzaji wawili wamekaa bega kwa bega, nyanya zimepangwa mafungu. Mteja anapita na kapu.

MAMA REHEMA: Kaka, nyanya fungu elfu!
MAMA ZAWADI: Kwangu mia nane.
MAMA REHEMA: Shoga, mteja wangu huyo! Kaka, mia tano.
MAMA ZAWADI: Mia tatu!
MAMA REHEMA: Mia mbili!
MAMA ZAWADI: Mia mbili, na pilipili juu!
MTEJA: (ametulia) Na wewe unaongeza pilipili?
MAMA REHEMA: Naongeza!
MTEJA: Basi nifungieni zote.
(Akina mama wanapeana tano, wanahesabu pesa. Mteja anatandika kiroba katikati yao, anapanga nyanya.)
MTEJA: Nyanya fungu elfu! Pilipili mia mbili!

Isome kwa sauti huku ukitazama saa. Maneno yenyewe hayamalizi nusu dakika. Muda mwingi uliobaki ni wa kile kiroba, na hapo hakuna anayesema kitu. Usipaharakishe, maana ndipo mtazamaji anapoanza kushtuka wakati akina mama bado wanahesabu noti.

Bei inashuka haraka, na sentensi zinafupika nayo. Ikifika mia mbili haina pa kwenda tena. Ukiishusha hadi mia, umerudia tu ulichokwisha kufanya. Ndiyo maana pilipili inaingia. Inaupa ugomvi nguvu mpya, kisha inakuwa bidhaa ya mteja mwishoni, kwa hiyo haikupita bure.

Waigizaji hupenda kuingiza matusi hapa. Wakataze. Tusi likishatoka halina ngazi ya kushuka, lakini bei inayo, na kila ngazi mtazamaji anaihesabu mwenyewe.

Mteja naye asicheke wala kukonyeza kamera. Awe bahili wa kawaida tu, wa aina tunayemjua sote. Akishukiwa mapema, mwisho umeharibika. Sura yake ionekane vizuri tangu mwanzo, na shati asibadilishe, la sivyo mtu atauliza huyu wa tatu katokea wapi.

Mwonyeshe rafiki asiyejua hadithi. Akicheka kiroba kinapotandikwa, umefaulu. Akisubiri mpaka maneno ya mwisho, mteja amefichwa mno au mpangaji wa nyanya hakuonekana sawasawa; rekodi tena kipande hicho tu.

Kuna mwigizaji mmoja atakayetaka kumaliza kwa kupiga kelele, "Jamani, tumeibiwa!" Mfutie. Kamera izimwe palepale kwenye "mia mbili".