Kona kwa kona: nafasi ya kuzungushia kichwa cha bolti

Kichwa cha bolti chenye pande sita kina upana wa namna mbili. Wa kwanza hupimwa kutoka bapa moja hadi bapa linalolikabili, na ndio namba inayogongwa kwenye spana: spana ya 13 hushika kichwa chenye milimita 13 bapa kwa bapa. Wa pili hupimwa kutoka kona hadi kona inayoikabili, nao daima ni mkubwa zaidi. Spana huchaguliwa kwa upana wa kwanza, lakini nafasi ya kichwa kuzunguka huamuliwa na wa pili, kwa sababu kinapozunguka ni kona zinazofika mbali. Tundu likitobolewa karibu na ukuta wa chuma kwa kufuata namba ya spana peke yake, bolti huingia vizuri, kisha hugoma kuzunguka.

Uhusiano wa vipimo hivi haubadiliki, kiwe kichwa kidogo au kikubwa. Mistari mitatu ikichorwa kutoka kona hadi kona, kichwa hugawanyika katika pembetatu sita zenye pande sawa. Umbali wa kona kwa kona ni pande mbili za pembetatu hizo. Umbali wa bapa kwa bapa ni vimo viwili. Kimo cha pembetatu ya aina hiyo ni 0.866 ya upande wake, na kutoka hapo hesabu zote mbili hupatikana:

kona kwa kona = bapa kwa bapa × 1.155
bapa kwa bapa = kona kwa kona × 0.866

Kichwa cha 18, kwa mfano, kina milimita 20.8 kona kwa kona.

Kwa kupima, bapa ndizo za kuaminika. Midomo ya vania hulala juu ya bapa mbili bila kuyumba, na ni vyema jozi zote tatu zipimwe, maana kutu, rangi au meno ya spana iliyoteleza huweza kuharibu jozi moja na kuziacha nyingine. Kupima kona moja kwa moja kunawezekana, ila vania huteleza kwa urahisi, na kona zenyewe mara nyingi si kali. Kiwandani huachwa zikiwa na mviringo kidogo. Kwa bolti ya M12 ya kiwango cha ISO, yenye kichwa cha 18, kona kwa kona inaruhusiwa kushuka hadi milimita 20.03. Kwa hiyo anayetafuta nafasi hutumia namba ya hesabu, 20.8, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kutokea. Bolti moja ikipimwa na kuonyesha 20.1, haina maana kwamba inayofuata kwenye boksi haitakuwa na 20.5.

Kosa la kawaida zaidi ni kukisia kichwa kwa kuangalia unene wa uzi. Bolti ya M12 ya kiwango cha ISO ina kichwa cha 18, lakini kiwango cha zamani cha Kijerumani, DIN, kiliipa 19, na bolti za namna hiyo bado zinauzwa. Kwenye magari ya Kijapani, M12 mara nyingi hufunguliwa kwa spana ya 17. Uzi ni ule ule, ila kona kwa kona ni 19.6, 20.8 au 21.9, na tofauti ya zaidi ya milimita 2 inatosha kabisa kukwamisha kazi. Kipimo huchukuliwa kwenye bolti itakayotumika, si kwenye kumbukumbu.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi mambo yanavyofuatana. Bolti ya M12 yenye kichwa cha 18 inatakiwa kufungwa ndani ya chuma cha umbo la L, chenye mabawa ya milimita 50 na unene wa milimita 5. Kichwa kitakaa juu ya bawa lililolala, na bawa lililosimama ndilo ukuta. Swali ni tundu litobolewe umbali gani kutoka mgongoni mwa chuma.

Nusu ya 20.8 ni 10.4, kwa hiyo kati ya kitovu cha tundu na ukuta panahitajika zaidi ya milimita 10.4 ili kona zipite. Tundu likitobolewa milimita 16 kutoka mgongoni, unene wa 5 ukiondolewa hubaki 11, na kwenye karatasi kichwa kinazunguka. Lakini washa ya M12 ina kipenyo cha milimita 24, yaani nusu yake ni 12, nayo tayari imegonga ukuta. Soketi ya 18 kwa nje huwa karibu milimita 25, hivyo nayo inadai 12.5 na hewa kidogo juu yake. Unene wa soketi hutofautiana, na zile za mashine ya hewa ni nene zaidi, kwa hiyo inayotumika ndiyo ya kupimwa.

Bado kuna kizuizi ambacho mchoro wa haraka huwa hauonyeshi. Chuma cha L kilichotoka kiwandani kikiwa cha moto hakina kona kali ndani. Mabawa mawili hukutana kwa mviringo, ambao kwa chuma cha ukubwa huu una nusu kipenyo cha milimita 7. Washa ikipanda juu ya mviringo huo hukaa upande, na bolti ikikazwa shingo yake hupinda. Hivyo tundu linasogezwa mpaka ukingo wa washa uishie pale mviringo unapoanza: 5 ya unene, 7 ya mviringo na 12 ya nusu ya washa, jumla milimita 24 kutoka mgongoni. Hapo ukuta uko milimita 19 kutoka kitovu na soketi inaingia bila taabu. Upande wa pili hubaki milimita 26 hadi ukingo wa bawa, nyama ya kutosha kwa bolti hiyo.

Pasipo nafasi ya soketi kutoka juu, spana ya mdomo wazi hulazimika kuingia kutoka ubavuni, na kichwa chake ni kipana zaidi ya mara mbili ya namba yake. Kwa spana ya 18 hiyo ni karibu milimita 40, kwa hiyo mpini ukilala sambamba na ukuta, hata zile milimita 19 hazitoshi. Pembeni pia panahitajika mahali pa kuyumbisha mpini. Kichwa cha pande sita hurudia umbo lake kila nyuzi 60, lakini mdomo wa spana nyingi umepindishwa nyuzi 15 kutoka kwenye mpini, na kuigeuza chini juu kila baada ya kuzungusha hupunguza yumbo linalohitajika hadi nyuzi 30. Spana ya pete yenye meno kumi na mawili hufanya kazi kwa nyuzi 30 bila kugeuzwa.

Kuna wakati kukwama ndiko kunakotafutwa. Nati ikikazwa kwa upande mmoja na hakuna mkono unaofika upande wa kichwa, kichwa huwekwa ndani ya mfereji wa chuma ulio mpana kuliko bapa kwa bapa na mwembamba kuliko kona kwa kona. Kwa kichwa cha 18, mfereji wa 18.5 hukishika vizuri. Ule wa 19 hukiruhusu kuzunguka kama nyuzi 6 kabla ya kubana, na ukikaribia 20 hauaminiki tena, kwa sababu bolti ambayo kona zake zimeviringwa hadi 20.03 itakula kingo za mfereji na kuzunguka pamoja na nati.