Sentimita 10 za Juu za Wasifu

Tuseme asasi isiyo ya kiserikali mjini Dodoma imetangaza nafasi 1 ya mhasibu, na hadi siku ya mwisho yameingia maombi 240. Afisa rasilimali watu akitumia dakika 2 tu kwa kila ombi, atamaliza siku nzima ya kazi, saa 8, bila kunyanyua kichwa. Kwa hiyo hasomi kila wasifu tangu neno la kwanza hadi majina ya wadhamini. Anachuja. Mbele yake ana jedwali lenye vigezo vilivyotoka kwenye tangazo, na kwa kila mwombaji anajaza ndiyo, hapana au haionekani.

Vigezo vya lazima kwa nafasi kama hii huwa vichache: shahada ya uhasibu, cheti cha CPA kinachosimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, uzoefu wa miaka 3 katika taasisi inayopokea fedha za wafadhili, uwezo wa kuandaa taarifa za fedha za miradi, na ujuzi wa mfumo wa kihasibu kama QuickBooks. Mengine yote yanayotajwa katika tangazo, kama vile kufanya kazi kwa ushirikiano na kuhimili shinikizo, hupimwa kwenye usaili. Hayana safu katika jedwali la mchujo.

Mwenye kuchuja huja na maswali matano, na macho yake huanzia juu ya ukurasa wa kwanza. Mwaka 2018 kampuni ya ajira ya Marekani iitwayo Ladders ilifuatilia mwendo wa macho ya maofisa wa ajira, ikaona kuwa mtazamo wa kwanza huchukua wastani wa sekunde 7.4. Mtazamo huo haumalizi uamuzi, lakini ndio unaoamua namna sehemu iliyobaki itakavyosomwa. Afisa akishapata majibu manne kati ya matano hapo juu, anashuka chini kutafuta ushahidi wa kuyathibitisha. Asipopata hata moja, anashuka kwa haraka, jicho likirukaruka, na kinachompita hapo kinaandikwa haionekani.

Safu hiyo ya haionekani ndiyo inayoniuma zaidi. Anayeandikiwa hapana kwa kweli hana sifa, na ni haki aachwe. Lakini katika haionekani mna watu wanaoiweza kazi kabisa, ambao sifa zao zimefukiwa ukurasa wa tatu. Maombi yakiwa machache, afisa atarudi kuyatazama tena. Yakiwa 240, na tayari amepata 15 walio wazi, hana sababu ya kurudi.

Tupime nafasi yenyewe. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, hivyo theluthi yake ni karibu sentimita 10. Ukitoa pambizo ya juu, kwa herufi za ukubwa wa 11 unabaki na mistari kama 14. Sasa tazama jinsi wengi wetu tunavyoitumia. Mstari wa kwanza unatangaza kwa herufi kubwa kwamba huu ni wasifu, jambo ambalo msomaji alikwishalijua. Chini yake zinafuata taarifa binafsi: jinsia, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, uraia, sanduku la posta, lugha. Kisha linakuja lengo la mwombaji, kwamba anatafuta taasisi yenye sifa njema atakamokuza kipaji chake. Elimu nayo inaanzia shule ya msingi. Mistari 14 imekwisha na hakuna safu hata moja iliyojazwa.

Mchukue mwombaji mwenye wasifu wa namna hiyo, ambaye kwa miaka 4 amekuwa mhasibu wa mradi wa afya na ana CPA. Ibakize historia yake vilevile, ubadilishe sehemu ya juu tu. Jina na mawasiliano, namba ya simu, barua pepe na mji anaoishi, vikae katika mistari 2. Halafu uje muhtasari: “Mhasibu mwenye shahada ya uhasibu na CPA, niliyesajiliwa NBAA. Miaka 4 katika asasi inayofadhiliwa na wahisani, nikiandaa taarifa za fedha za robo mwaka za miradi 3 na kufunga hesabu za kila mwezi katika QuickBooks. Nimeshughulikia kodi ya mishahara, kodi ya zuio na michango ya NSSF.” Maswali yote matano yamejibiwa katika mistari 4 au 5. Mistari iliyobaki apewe mwajiri wa sasa: cheo, taasisi, mwezi na mwaka wa kuanza, na majukumu 2 au 3 yanayogusa vigezo vilevile. Hali ya ndoa na dini haziingii kabisa. Shule ya msingi iondoke, sekondari ishuke chini. Wasifu ukiandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida kwa kazi nyingi za asasi, mpangilio ni huohuo.

Hapo kwenye CPA pana jambo la kuangalia kwa makini. Kuna aliye katikati ya mitihani, kuna aliyefaulu yote na kuna aliyekwisha kusajiliwa. Ukiandika CPA peke yake, afisa mwangalifu hatajua wewe ni yupi. Taja hatua uliyofika. Ni maneno mawili matatu tu, nayo hukutoa kwenye haionekani.

Wengine wakisikia ushauri huu hunakili tangazo neno kwa neno na kulibandika kama muhtasari. Hilo hugundulika upesi, kwa sababu kila dai la juu hufuatiliwa chini. Muhtasari ukisema miaka 5, afisa anajumlisha miezi ya ajira. Ikitoka miaka 3 na nusu, anaanza kutilia shaka hata yaliyo kweli. Ukisema umeandaa taarifa za wafadhili, lazima pawe na ajira inayoonyesha ni mradi gani na lini. Sifa kama mchapakazi, mwadilifu na mwenye kujituma hazimdhuru mtu, ila zinakula mistari na hakuna safu zinakoandikwa.

Kwa aliyehitimu karibuni, nafasi ya miaka ya ajira inachukuliwa na mafunzo kwa vitendo: alikaa wapi, kwa muda gani, alishika vitabu gani vya hesabu. Kama tangazo linadai miaka 3, muhtasari mzuri hautaizalisha. Na kwa maombi ya utumishi wa umma Tanzania yanayopitia Ajira Portal, taarifa hujazwa katika visanduku vya mfumo, kwa hiyo umakini wa kwanza uwe kwenye visanduku hivyo na vyeti vinavyoambatishwa.

Kwa maombi mengine, jipime kabla ya kutuma. Pigia mstari vigezo vya lazima katika tangazo, uviandike kwenye karatasi. Funika wasifu wako, uache sentimita 10 za juu tu, umpe mtu asiyeijua kazi yako kwa nusu dakika, kisha umwombe ajaze ndiyo, hapana au haionekani. Kila palipoandikwa haionekani wakati sifa unayo, panda nayo juu leo hii, kabla ya siku ya mwisho ya tangazo.