Mishororo minne ya mvua kwa Kifaransa

Nchini Ufaransa mtoto huanza shule akiwa na miaka 3, na tangu mwaka 2019 sheria inamlazimu kuanza katika umri huo. Kabla hajajua kusoma, hufundishwa mashairi mafupi kwa kusikia na kupiga makofi, kofi moja kwa kila silabi. Akifika shule ya msingi hupewa daftari la mashairi: ukurasa mmoja hunakili shairi, na ukurasa unaoukabili huchora picha yake. Ubeti ufuatao, ulioandikwa kwa ajili ya makala haya, ni wa aina hiyo:

*Il pleut sur le toit,*
*Il pleut sur mes doigts.*
*La petite goutte*
*Chante sur la route.*

Maana yake: mvua inanyesha juu ya paa, inaninyeshea vidoleni, tone dogo linaimba barabarani.

Tuanze na vina. Anayesoma kwa macho atasema *toit* na *doigts* hazina uhusiano wowote. Lakini *t* ya mwisho katika *toit* haitamkwi. Neno husikika "twa". Katika *doigts*, herufi *g*, *t* na *s* zote ziko kimya, husikika "dwa". Kwa kanuni zetu za ushairi, twa na dwa si kina kimoja, kwa sababu sisi hutaka silabi nzima ifanane. Kina cha Kifaransa hupimwa kuanzia irabu ya mwisho inayotamkwa hadi mwisho wa neno; konsonanti iliyotangulia irabu hiyo si lazima ifanane. Ndiyo maana *goutte* ("gut") na *route* ("rut") nazo zina kina kimoja: u na t inayoifuata.

Washairi wa Kifaransa wa zamani walikuwa wakali zaidi. Hawakuruhusu neno la umoja kama *toit* litiwe kina kimoja na neno la wingi lenye *s*, hata kama sikio halioni tofauti. Shairi la watoto limeachana na sharti hilo, kwa kuwa msikilizaji wake bado hajui kuandika.

Mizani ndiyo huwashinda wengi wanaojifunza. Kila mshororo hapa una mizani 5. Mshororo wa kwanza ni rahisi: *il – pleut – sur – le – toit*. Wa tatu ni *la – pe – ti – te – goutte*, na wa nne ni *chan – te – sur – la – route*. Herufi *e* iliyo mwishoni mwa *petite* na *chante* inahesabiwa kwa sababu neno linalofuata linaanza na konsonanti. Ile ya *goutte* na *route* haihesabiwi kwa sababu iko mwisho wa mshororo.

Katika mazungumzo ya kawaida, hasa kaskazini mwa Ufaransa, hizo *e* humezwa. Mtu husema "la ptit gut", na mizani 5 zinabaki 3. Mtoto akighani hivyo utajua mara moja: makofi yanaisha mapema, na mshororo wa tatu unakuwa mfupi kuliko ya juu yake. Dawa yake ni kurudi polepole na kuipa kila *e* kofi lake.

Maneno ya kushika

*La pluie*: mvua.
*Il pleut*: mvua inanyesha. Tamka e huku midomo imeviringwa kama ya o.
*Le toit*: paa.
*Le doigt*: kidole, wingi wake *les doigts* hutamkwa vilevile.
*La goutte*: tone.
*La route*: barabara. Sauti ya r hutoka kooni, karibu na gh ya "ghali".
*Sur*: juu ya. Tamka i, kisha viringa midomo kama unayesema u bila kusogeza ulimi.
*Le parapluie*: mwavuli.

Atakayeshika vina na mizani hiyo anaweza kuongeza mishororo yake mwenyewe. Atafute maneno mengine yanayoishia kwa sauti ya "wa": yapo *bois*, yaani msitu, na *froid*, yaani baridi. *Il pleut sur le bois, il fait un peu froid*: mvua inanyesha msituni, kuna kibaridi. Kila mshororo una mizani 5. Neno moja limeishia kwa *s* na jingine kwa *d*, zote kimya, na kina kimetimia.