Bosi akikulipia kozi, soma kifungu cha kuhama kabla hujamwaga wino

Karatasi ilikuja ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mkoba wa binamu yangu. Tulikuwa kwa kibanda cha chai hapa Ogembo, upande wa stendi, na alitaka nimwambie jambo moja tu: asaini ama asisaini. Mimi si wakili. Niliacha chuo mwaka wa pili na kazi yangu ni kuandika mitandaoni, lakini kwa ukoo wetu mtu akiwa anaandika basi ndiye hupelekewa kila barua iliyo na muhuri.

Binamu ni muuguzi katika kliniki ya kibinafsi. Bosi wake alitaka kumpeleka Kisumu miezi mitatu akasomee kupiga altrasaundi ya wajawazito, yeye bosi akilipa kila kitu. Dili poa kabisa. Shida ilikuwa kifungu cha 11, sentensi moja ya mistari tisa kwa Kiingereza cha kortini. Tulipoifungua polepole ilikuwa inasema hivi: akiacha kazi kwa sababu yoyote kabla ya miaka 3 kuisha, atalipa shilingi 300,000 mara moja, kliniki itabaki na cheti chake hadi amalize deni, na mama yake atasaini kama mdhamini.

Mama yake anauza ndizi sokoni. Hapo ndipo chai yangu ilipoa.

Wacha niseme mapema kwamba bosi kudai chake si uonevu. Ukitumia pesa kumfunza mtu na mwezi unaofuata anahepa na ujuzi wote kwenda kwa mshindani, umeumia. Kwa hivyo bondi ya mafunzo inaruhusiwa, na ukiisaini inakushika. Swali ni kiasi. Korti zetu zilirithi kanuni ya sheria ya Kiingereza, na kesi inayotajwa sana ni ya kampuni ya tairi ya Dunlop ya mwaka 1915: pesa iliyoandikwa kwenye mkataba iwe makadirio ya kweli ya hasara. Ikiwa imewekwa kumtisha mtu tu, hiyo ni adhabu, na korti inaweza kukataa kuitekeleza.

Basi tukapiga hesabu juu ya bahasha. Karo ya kozi ilikuwa 84,000. Nyumba na nauli ya Kisumu kwa miezi mitatu, 36,000. Jumla ni 120,000. Sasa 300,000 ilitoka wapi? Pia angalia kitu kingine kinachofichua adhabu: kiasi hakishuki. Ukiondoka mwezi wa kwanza unalipa 300,000, ukiondoka mwezi wa 35 ni hizo hizo 300,000, ingawa kliniki imeshakula matunda ya kozi karibu miaka mitatu.

Nilimwambia binamu asikatae kozi, akatae hesabu. Tulikaa jioni mbili tukiandika kifungu upya kwa Kiswahili ambacho mama yake angeelewa akisomewa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa lugha ya mkataba au masharti yake ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo kuomba karatasi inayosomeka si ujeuri. Tulichoandika ni hiki:

“Kliniki itakulipia karo ya 84,000 na hadi 36,000 za nyumba na nauli, kwa risiti. Mshahara wako wakati wa kozi hauhesabiwi kuwa deni. Ukimaliza kozi, kila mwezi mzima utakaofanya kazi hapa unapunguza deni kwa sehemu moja ya 24. Baada ya miezi 24 hudaiwi kitu. Ukiacha kazi kwa hiari yako kabla ya hapo, utalipa sehemu iliyobaki kwa awamu tutakazokubaliana kwa maandishi. Hulipi chochote kliniki ikikupunguza kazi, ikifungwa, ikikosa kukulipa mshahara, au ukishindwa kuendelea kwa sababu ya ugonjwa. Cheti ni chako. Hakuna mdhamini.”

Hayo tu. Lakini kila sentensi ilikuwa na vita vyake. Ile ya mshahara, kwa mfano. Bosi alitaka kujumlisha mshahara wa miezi mitatu kwenye deni, na ingekuwa 90,000 zaidi. Binamu alikuwa akirudi kila wikendi kushika zamu, kwa hivyo hiyo ilikuwa pesa ya jasho. Ile ya saa kuanza kuhesabu pia ni mtego ambao wengi hawauoni: kama mkataba hausemi miezi 24 inaanza lini, bosi anaweza kusema inaanza siku cheti kinapotoka, na vyeti vya hapa Kenya tunavijua vile huchelewa.

Binamu alienda kwa bosi na bahasha yetu. “Daktari,” akamwambia, “kozi naitaka, lakini hii 300,000 umeipataje?”

Alivyonisimulia, daktari alicheka. “Hiyo niliweka ili watu waogope kuhama.”

Msee, hakuna wakili angeieleza vizuri zaidi. Ndiyo maana halisi ya adhabu, na aliitoa kwa mdomo wake mwenyewe. Baada ya siku chache alikubali 120,000 na miezi 24. Kwa mdhamini alishikilia kidogo, kisha akaachilia. Tulimuuliza pia kuhusu NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani: waajiri hulipa ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kama angerudishiwa sehemu ya karo, si haki kuidai tena kwa binamu. Akasema hajaomba. Tukaongeza mstari mmoja kwamba akirudishiwa, deni linapungua kwa kiasi hicho.

Binamu alifanya kazi miezi 15 baada ya kozi, kisha akapata nafasi Kisii mjini yenye mshahara bora. Akatoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Hesabu ilichukua dakika mbili: 120,000 ukigawa kwa 24 ni 5,000 kwa mwezi, miezi 9 imebaki, deni ni 45,000. Mhasibu alitaka kuzuia mshahara wote wa mwisho, 30,000. Hapo sheria inamkataza: makato yote kwa pamoja, ukiweka na yale ya serikali, hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Wakakubaliana 10,000 zikatwe, na 35,000 zilizosalia alipe 5,000 kwa miezi 7. Barua ya kuthibitisha kwamba alifanya kazi pale alipewa siku hiyo hiyo, maana hiyo nayo ni haki ya kisheria na haifungwi na deni.

Kama wangekosana, si lazima kesi iende mbali. Tangu 2018 mahakimu walipewa uwezo wa kusikiliza mizozo ya kazi ya watu ambao mshahara wao hauzidi 80,000 kwa mwezi. Lakini kwa 300,000 na jina la mama kwenye karatasi, sijui kama binamu angethubutu hata kutoa notisi.

Juzi daktari alinitumia ujumbe. Ana kijana wa maabara anayempeleka kozi, akaomba nimtumie ile karatasi yetu. Nikamtumia. Aliirudisha jioni akiwa amebadilisha majina na pesa, na pale kwa mdhamini hakuwa ameongeza kitu.