Mkulima wa Tumbaku Hatoki Shambani kwa Hotuba

Kila mara linapozungumzwa jambo la kuwasaidia wakulima wa tumbaku wahamie mazao mengine, maneno huanzia kwenye udongo na mbegu. Mabwana shamba hutaja ufuta, alizeti, mbaazi, maharage na korosho, na yote wanayoyasema ni kweli, kwani mazao hayo humea. Lakini mkulima hakuipanda tumbaku kwa kuwa hajui kupanda maharage. Aliipanda kwa sababu ilimjia pamoja na mkopo na mnunuzi. Anayetaka kumtoa humo hana budi kwanza kujiuliza: hayo mawili yatatoka wapi?

Wasomaji wetu wa visiwani wanaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Kilimo cha mwani wa biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, katika pwani ya mashariki, hakikuenea kwa sababu akina mama walihubiriwa faida za mwani. Kilienea kwa kuwa wanunuzi walikuja na kamba na taitai, wakasema watanunua kila kilichokauka. Bei ilikuwa ndogo, na manung'uniko juu ya bei hiyo hayajesha mpaka leo. Hata hivyo zao lilisimama, kwa kuwa mkulima alijua tangu siku ya kufunga mbegu ni nani atakayelipokea. Tumbaku ya bara imejengwa juu ya msingi huo huo, ila madeni yake ni makubwa zaidi.

Tuangalie historia kidogo. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika sehemu tatu za Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1951 mpango huo ulivunjwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Baadaye ndugu hao wakashika njia mbalimbali. Huko Urambo, katika miaka ya 1950, shirika lililorithi mashamba yale liligeukia tumbaku, na mpaka leo Urambo ni jina la tumbaku. Nachingwea haikupata bahati ya namna hiyo. Hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakulima wake, pamoja na majirani zao wa Ruangwa, wameishi kwa korosho, ufuta, mbaazi, karanga na muhogo.

Kwa hiyo tunapotaka kujua mkulima wa Urambo atakuta nini akiiacha tumbaku, Ruangwa na Nachingwea ndipo mahali pa kutazama. Mazao anayoambiwa ahamie ndiyo wanayoyalima wenzake wa huko, na wao wameshaonja matamu na machungu yake.

Tuanze na mapato. Makosa yanayofanywa mara nyingi ni kulinganisha ekari moja ya tumbaku na ekari moja ya zao jingine, kisha kukata tamaa. Tuchukue hesabu ya mfano tu, si takwimu za msimu wowote. Mkulima amevuna kilo 600 za tumbaku katika ekari moja, akauza kwa shilingi 5,000 kilo. Mkononi inaonekana milioni 3. Katika hizo chama cha msingi kinakata mkopo wa mbolea, dawa na mbegu, tuseme shilingi 1,100,000. Vibarua, kuni za kukaushia na makato mengine vinachukua 800,000. Kinachobaki ni 1,100,000, nayo ni kwa kazi inayoanzia kitaluni na kuishia kwenye kupanga madaraja ya majani, karibu mwaka mzima, mke na watoto wakishiriki bila ya kulipwa.

Familia hiyo hiyo ikilima ufuta, kazi yake inatosha ekari mbili. Zikitoka kilo 500 na bei ya mnadani ikawa shilingi 3,000, ni 1,500,000. Tukitoa vibarua 300,000 na makato 150,000, inabaki 1,050,000. Mizani inakaribia kulingana, na mkulima amepumzika miezi kadhaa, wala hakukata miti. Lakini bei ikishuka hadi 1,500, jumla inakuwa 750,000. Vibarua wanataka ile ile 300,000, makato tuseme 100,000, na mfukoni zinabaki 350,000 tu. Shamba ni lile lile, mvua ni ile ile, na bidii haikupungua. Kilichobadilika ni soko.

Juu ya soko, majirani hawa wa kusini wana mengi ya kutufundisha. Mbaazi zilikuwa zao la kutegemewa, mnunuzi wake mkubwa akiwa India. Bei ilipokuwa nzuri watu waliongeza mashamba. Mwezi wa Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake ili kuwalinda wakulima wake yenyewe, na bei huku kwetu ikaporomoka hadi shilingi mia chache kwa kilo. Wako walioacha mbaazi zikaukie shambani kwa kuwa gharama ya kuvuna ilizidi bei. Milango ilifunguliwa tena mwaka 2021, lakini mkulima aliyekuwa na deni hakuweza kungoja miaka minne. Hapo hakukosea bwana shamba, wala mbegu haikuwa mbaya. Zao lilikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo wake ulikuwa ng'ambo.

Ufuta umepata njia iliyo bora zaidi, nayo ni ya stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa, anapewa stakabadhi. Mizigo ya vyama vingi hukusanywa chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, na wanunuzi hushindana mnadani. Uzuri wake ni kwamba mkulima mwenye gunia mbili anauza kwa bei moja na mwenye gunia mia. Udhaifu wake ni kwamba fedha haziji siku ile ya kupima. Malipo yakichelewa wiki moja mkulima huvumilia, yakichelewa mwezi huanza kumtafuta mnunuzi wa gizani. Afisa anayetaka kujua kama mpango unakwenda vizuri asisome taarifa ya tani zilizouzwa peke yake; aulize ni siku ngapi zilipita baina ya mnada na fedha kufika kwa mwenye mali.

Hapo tunafika kwenye mkopo, na hapa ndipo mipango mingi huvunjikia. Ufuta hauhitaji mbolea nyingi kama tumbaku, basi wapangaji hudhani hauhitaji mkopo. Si kweli. Mkulima wa ufuta anahitaji fedha mara mbili. Kwanza ni wakati wa palizi, chakula cha nyumbani kikiwa kimepungua. Pili ni wakati wa mavuno, kwa sababu ufuta haungoji mtu: majani ya chini yakianza kuwa manjano lazima ukatwe, ufungwe matita na kusimamishwa, ama sivyo vifuko hupasuka na mbegu kumwagika ardhini. Asiye na fedha ya vibarua katika siku hizo chache hupoteza alichokilima kwa miezi.

Asipokuwapo mkopeshaji wa halali, yupo wa kangomba. Neno hili linajulikana sana kusini, hasa katika korosho. Mtu huja mwezi wa Februari na shilingi 100,000, na makubaliano ni kwamba mwezi wa Juni atachukua kilo 100 za ufuta. Bei ya mnadani ikiwa 3,000, mzigo huo ni wa shilingi 300,000. Mkulima amelipa riba ya 200,000 kwa miezi minne. Serikali imepiga vita kangomba mara nyingi, lakini kangomba haifi kwa kukamatwa watu, maana inaziba pengo ambalo hakuna mwingine aliyeliziba.

Mkulima wa tumbaku naye ana fundo lake jingine. Mkopo wa pembejeo hupitia chama cha msingi, na mara nyingi wanachama hudhaminiana. Mwenzako akishindwa, nawe unakatwa. Anayetaka kutoka anakuta deni la zamani likimshika mguu, pengine hata si lake peke yake. Kumwambia mtu huyo apande maharage bila kwanza kusema deni lake litalipwaje ni kumwambia aogelee amefungwa kamba.

Je, liko mahali palipofanyika vizuri? Jirani zetu wa Kenya wametoa mfano katika wilaya za tumbaku za Migori. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo, na Mpango wa Chakula Duniani yaliungana na serikali kuanzisha mashamba yasiyo na tumbaku. Walichagua maharage yenye madini mengi ya chuma, wakatoa mafunzo na pembejeo, na jambo la maana kuliko yote, Mpango wa Chakula Duniani wenyewe ukawa mnunuzi. Wakulima 330 wa mwanzo waliuza tani 135. Tunalosifu hapo ni utaratibu: mnunuzi alijulikana kabla ya jembe kugusa ardhi. Tunalolihoji ni hili, kwamba mnunuzi wa msaada hakai milele, na mradi utapimwa siku atakapoondoka.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na kifungu chake cha 17 kinazitaka serikali zisaidie kupatikana kwa njia nyingine za mapato. Papo hapo tumbaku ni zao linaloiletea nchi fedha za kigeni, na juhudi za kuongeza uzalishaji wake hazikukoma. Hatuwalaumu viongozi kwa kuona pande zote mbili. Tunasema tu kwamba mkulima huzisoma ishara hizo, naye hufuata upande wenye mkopo.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wanaohusika. Ekari ya tumbaku isihesabiwe kuwa imebadilishwa mpaka mkulima amemaliza misimu mitatu na kilichobaki mfukoni kimepimwa baada ya madeni yote. Mkopo wa msimu utolewe kwa sehemu mbili, palizi na mavuno, na urejeshwe kwa kukatwa mnadani kama ufanyikavyo kwenye tumbaku. Deni la zamani lipewe muda wake tofauti. Na mazao yawe mawili au zaidi, moja la kuliwa nyumbani, ili mlango mmoja ukifungwa pawe na mwingine.

Nasi wa visiwani tunalo la kufanya. Sehemu kubwa ya nafaka na maharage tunayokula huvuka bahari. Shule zetu za bweni, hospitali na hoteli hununua chakula kila wiki kwa fedha taslimu. Mkataba wa msimu mmoja baina ya taasisi hizo na chama cha msingi cha bara, wenye bei ya chini iliyoandikwa na tarehe ya malipo, ungemfaa mkulima kuliko semina kumi.